Dripu za isotoniki, haipotoniki na haipatoniki

Dripu ni maji yenye chumvi, sukari au vyote viwili, yanayoingizwa mwilini kupitia mshipa wa vena. Huainishwa kwa kulinganishwa na plazma, yaani majimaji ya damu, ambayo kila lita yake ina takribani miliosmoli 275 hadi 295 za chembe zilizoyeyuka. Dripu inayokaribia kiwango hicho huitwa isotoniki, iliyo chini yake haipotoniki, na iliyo juu yake haipatoniki. Maji hupenya utando wa seli kuelekea upande wenye chembe nyingi zaidi. Kwa hiyo isotoniki huziacha seli zilivyo, haipotoniki huziingizia maji zikavimba, na haipatoniki huyavuta maji kutoka ndani zikasinyaa.

Kanuni hii ni sahihi, lakini anayeitumia kwa kusoma namba iliyo kwenye mfuko peke yake atapotea. Kinachovuta maji si kila chembe iliyoyeyuka, ila ni ile isiyoweza kukaa ndani ya seli. Sodiamu ndiyo inayotimiza sharti hilo vizuri kuliko zote, kwa sababu pampu zilizo kwenye utando huitoa nje kila inapopenya. Glukosi kwa mtu mwenye insulini ya kutosha huingia ndani ya seli na kuunguzwa, na muda si mrefu haipo tena. Urea nayo hupita utando bila shida, kwa hiyo haivuti kitu.

Hapo ndipo dekstrosi asilimia 5 inapowakwaza wengi, mtihanini na wodini. Ina gramu 50 za glukosi kwa lita, sawa na miliosmoli 250 hadi 280 kulingana na aina ya glukosi iliyotumika, kwa hiyo mfukoni ni isotoniki au karibu yake. Inapoingia kwenye mshipa haipasui seli nyekundu za damu, jambo ambalo maji matupu yangelifanya. Lakini sukari ikishaunguzwa kinachobaki ni maji yasiyo na chumvi, na hayo ni haipotoniki kuliko dripu yoyote. Kinyume chake ni mchanganyiko wa dekstrosi asilimia 5 na salaini asilimia 0.9. Kwenye karatasi una takribani miliosmoli 560 na huhesabiwa kuwa haipatoniki, ilhali sukari ikishatumika hubaki salaini ya kawaida. Mgonjwa wa kisukari asiye na insulini huivunja kanuni hii, kwani kwake glukosi hubaki nje ya seli na kuvuta maji kama chumvi.

Mwanamume wa kilo 60 ana takribani lita 36 za maji mwilini. Lita 24 zimo ndani ya seli na 12 ziko nje, na katika hizo za nje ni kama lita 3 tu zilizo ndani ya mishipa ya damu. Mpe lita moja ya salaini asilimia 0.9, yenye milimoli 154 za sodiamu. Yote itabaki nje ya seli, na kama robo lita itabaki mishipani. Mpe lita moja ya dekstrosi asilimia 5 na theluthi mbili zitaingia ndani ya seli, huku mishipa ikibakiwa na takribani mililita 80. Ndiyo maana aliyepungukiwa damu au maji hadi shinikizo likashuka hapewi dekstrosi pekee. Salaini asilimia 0.45 iko katikati: nusu ya lita yake hufanya kazi ya salaini kamili, na nusu ya pili hufanya kazi ya maji matupu.

Sasa tuseme mwanamume huyo amefanyiwa upasuaji wa tumbo, haruhusiwi kula, na kwa siku nzima ameandikiwa lita 3 za dekstrosi asilimia 5. Maumivu, kichefuchefu na upasuaji wenyewe huamsha homoni ya vasopresini, inayoziamuru figo zizuie maji. Kwa mtu mwenye afya maji ya ziada yangetoka kwa mkojo. Kwake yanabaki. Kama lita zote 3 zitabaki, maji ya mwili yatafika lita 39, na sodiamu iliyokuwa milimoli 140 kwa lita itashuka: 140 × 36 ÷ 39 ni takribani 129. Seli zake zitakuwa zimeongezeka kutoka lita 24 hadi 26. Misuli huvumilia uvimbe huo. Ubongo hauwezi, kwa kuwa umefungiwa ndani ya fuvu.

Hatari ya hali hii ni kwamba haionekani kwa macho. Miguu haivimbi na shinikizo la damu halipandi, kwa sababu maji mengi yamejificha ndani ya seli. Mgonjwa hulalamika kichwa, hutapika, husinzia au huongea yasiyoeleweka, na ni rahisi kudhani kuwa ni dawa ya usingizi haijamtoka. Akifikia degedege, muda umekwisha kupotea. Njia ya kujua ni kupima sodiamu, pamoja na glukosi ili sukari ya chini isisahaulike. Angepewa salaini nyingi kupita kiasi dalili zingekuwa tofauti: nyayo zingebonyea zikibanwa na pumzi ingekuwa fupi, kwa sababu ziada ingekaa nje ya seli.

Dripu za haipatoniki zina kazi hapa. Kwa mwenye degedege au aliyepoteza fahamu kutokana na sodiamu ya chini, hutolewa mililita 150 za salaini asilimia 3 kwa dakika 20 hivi, kisha sodiamu hupimwa tena. Kila lita ya salaini hiyo ina milimoli 513 za sodiamu, hivyo mililita 150 humpandishia mwanamume wetu karibu milimoli 2 kwa lita. Kupanda kwa milimoli 5 hivi kwa kawaida hutosha kuutuliza ubongo, na hapo kasi hupunguzwa. Sodiamu iliyokaa chini kwa zaidi ya saa 48 huhitaji subira kubwa zaidi, kwa sababu seli za ubongo zimekwisha kutoa sehemu ya chembe zao ili zipunguze uvimbe. Kuipandisha kwa zaidi ya milimoli 10 katika saa 24 za kwanza kunaweza kuzisinyaza ghafla na kuharibu ala ya neva katika shina la ubongo. Siku chache baadaye mgonjwa aliyeonekana kupona hushindwa kusema, kumeza au kunyanyua viungo.

Isotoniki haibadili ukubwa wa seli, lakini hilo haliifanyi kuwa salama kwa kila mgonjwa. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2011, uliwahusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliomiminiwa salaini au albumini kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48, takribani asilimia 10.5, kuliko wale ambao hawakumiminiwa, asilimia 7.3. Watoto wenye kuharisha na kutapika hawakuwemo katika utafiti huo, na matokeo yake hayawahusu. Mgonjwa wa kipindupindu aliyekauka vibaya amepoteza maji pamoja na chumvi kutoka nje ya seli, na bado huhitaji Ringa laktati kwa wingi na kwa kasi. Mtu mzima wa kilo 50 hupewa lita moja na nusu katika nusu saa ya kwanza na lita tatu na nusu katika saa mbili na nusu zinazofuata, huku mapigo ya mkononi yakiangaliwa mara kwa mara.