Fahari na majivuno (katika wasifu wa mhusika)

Katika kumchora mhusika, sifa hizi hutenganishwa kwa matendo. Mwenye majivuno huhitaji watazamaji, mwenye kiburi huwadharau, na mwenye fahari hushika msimamo wake hata asipotazamwa. Mfano mgumu, na kwa hiyo mzuri, ni Muindi Mbingu wa Machakos. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, aliongoza umati mkubwa hadi Nairobi. Walipiga kambi huko kwa majuma kadhaa, wakitaka kuonana na Gavana Brooke-Popham mwenyewe. Tendo hilo likitazamwa peke yake halitoshi kumpambanua, maana hata mwenye maringo hukataa kusikilizwa na wadogo. Kinachoamua ni ombi lake: alitaka ng'ombe wa watu warudishwe, si cheo. Kisha kuna gharama: alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, mbali na wa kumshangilia. Mwandishi anayeanza na mtaa wa Nairobi uliopewa jina lake huchora sifa ya baadaye, ambayo Mbingu hakuijua alipokuwa kambini.