Viambishi -ki-, -ka-, -nge- na vitenzi vya silabi moja

Mgeni anayejifunza Kiswahili akiwa Bukoba huweza kupewa sentensi hii aiendeleze: "Juma alikuja kutoka Muleba…" Wengi huandika "akakula senene, akakurudi". Lililo sahihi ni "akala senene, akarudi".

Kosa la pili ni la kubuni tu, kwani -rudi si kitenzi cha silabi moja, na ku- haibaki ndani yake. La kwanza lina chanzo cha kueleweka. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Viambishi -li-, -na- na -ta- haviwezi kuubeba, kwa hiyo ku- hubaki: alikula, atakula. Viambishi -ka- na -ki- huubeba vyenyewe: akala, akila.

Ukanushi wa -ki- hugeuza mambo. "Akila senene atashiba" huwa "asipokula", kwa sababu po ya urejeshi haibebi mkazo, kama ilivyo ye katika "anayekula". Kwa -nge-, Kiswahili sanifu husema "angekula". Zoezi zuri ni kuandika upya sentensi moja kwa kila kiambishi, kisha kuisoma kwa sauti.