Jinsi ya kutunga wimbo wa maombolezo unaomwambia Mungu ukweli

Nyimbo nyingi za msiba huanza na kifo na kufika mbinguni kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Mfiwa mwenye hasira hujikuta hana la kuimba. Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kumtungia wimbo asioona aibu kuuimba.

Mfano wa zamani uko katika Biblia. Zaburi ya 13 ina aya sita tu. Mwimbaji anamwita Mungu, anamuuliza mara nne atasubiri mpaka lini, anaomba jibu, na mwishoni anatulia. Zaburi ya 88 haina utulivu huo, kwani inaishia gizani. Zote mbili ni sala, kwa sababu mlalamikaji anazungumza na Mungu mwenyewe.

Hapo ndipo pa kuanzia. "Mungu amenyamaza" ni habari unayowapa watu. "Mbona umenyamaza?" ni sala. Ukipitia mistari yako ukakuta Mungu anatajwa tu kama "yeye", umeacha kuomba na umeanza kuhubiri.

Pili, taja kitu kinachoonekana. "Moyo wangu una huzuni" unaweza kuimbwa na yeyote, popote. Tuchukue mama aliyefiwa na mtoto alfajiri, baada ya kukesha akiomba. Tumemtungia ubeti wenye mizani 12 kila mstari, sita kwa sita, ili uimbike kwa urahisi:

*Mungu, niliita usiku mzima,*
*Jogoo kawika, mwana kanyamaza.*
*Shuka lake lipo, lina jasho lake,*
*Nilifue sasa, au nikungoje?*

Hasira na shaka tumeziweka kwenye kiitikio, maana ndicho kinachorudiwa:

*Nimekasirika, bado nakuita,*
*Kama wasikia, mbona hunijibu?*

Neno "bado" linabeba imani yote ya mama huyu, na neno "kama" linabeba shaka yake. Ukiondoa "bado", unabaki ugomvi mtupu. Ukiondoa "kama", unamsemea uhakika ambao hana.

Kosa la kawaida huja kwenye ubeti wa mwisho. Mtunzi huogopa kuacha jeraha wazi, kwa hiyo huongeza "lakini nashukuru kwa yote". Msomee mfiwa mstari huo polepole. Akitazama pembeni au akinyamaza, ufute. Kama hana shukrani leo, malizia na ombi dogo analolitaka kweli:

*Nipe usingizi, hata usiku huu.*

Mwisho, hasira hiyo ni ya mwenye msiba. Kabla kwaya haijauimba mbele ya watu, mwombe ruhusa, na umuulize kama kitu ulichokitaja, kama lile shuka, kinaweza kusikika hadharani. Akikataa, wimbo ubaki kwake. Anaweza kuuimba peke yake, na utaendelea kuwa sala.