Saizi ya sindano na uzi

Saizi ya sindano ni kipenyo cha sindano ya kufumia au kulabu ya krosheti, kinachopimwa kwa milimita na kulinganishwa na unene wa uzi. Katika nyanda za baridi za Nakuru, Molo na Njoro, sweta huhitaji ulinganifu huo ili zimtoshe mvaaji.

Uzi wa unene wa kati kwa kawaida hufumwa kwa sindano ya milimita 4. Kulabu huwa nene kidogo. Namba huweza kupotosha: namba 8 ya mfumo wa zamani wa Uingereza ni milimita 4, lakini ya Marekani ni milimita 5.

Kipande cha majaribio huthibitisha saizi. Patani ikitaka vitanzi 22 kwa sentimita 10, sweta ya mzingo wa sentimita 80 huanza na vitanzi 176. Mfumaji akipata 20 tu, vitanzi hivyo hutoa sentimita 88. Hapo hutumia sindano nyembamba zaidi. Akipata vitanzi vingi mno, huchukua nene zaidi. Kipande hupimwa katikati, baada ya kufuliwa na kukauka.