Bung'ed: Kaburi Linalojengwa kwa Miezi Tisa

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa kuhusu dini za jadi za Kiafrika, mara nyingi huchora pembetatu. Juu kabisa huandika Mungu, katikati huandika mizimu, na chini huandika jamii. Kisha huongeza mshale mmoja unaopanda, nao ni sala na sadaka, na mwingine unaoshuka, nao ni mvua, watoto na afya. Mchoro huo una ukweli ndani yake, na mtahini humpa alama zake. Lakini mimi, niliyetumia miaka mingi kuwafunza walimu wa kesho, nauona kuwa umeacha swali kubwa bila kuliuliza. Aliyekufa jana anafikaje kwenye ile ngazi ya katikati? Je, kila maiti huwa mhenga? Na kama si kila maiti, ni nani huamua?

Naandika haya nikiwa Mutuka, katika mji wa Babati, mahali ambapo masikio ya mpenda lugha hayapati likizo. Sokoni utasikia Kigorowa na Kiiraqw, lugha za Kikushi. Utasikia Kirangi, ambacho ni cha Kibantu. Na utasikia Kidatoga, ambacho ni cha Kiniloti, jamaa wa mbali wa lugha za Wakalenjin wa Kenya. Jibu la swali langu nalitafuta kwa Wabarbaig, tawi kubwa la Wadatoga, wafugaji wa nyanda zilizo chini ya mlima Hanang. Wengi wetu tumezoea kuwaita Wamang'ati. Jina hilo si lao: lina asili ya Kimaasai na maana yake ni maadui. Katika makala haya nitawaita kwa jina lao.

Nianze na ncha ya juu ya pembetatu, ambayo haitanichukua muda mrefu. Mungu wa Wadatoga huitwa Aseeta, na neno hilohilo ni jua. Wakalenjin nao wana Asis, mwenye maana hizo mbili. Hayo si ya kustaajabisha, kwa kuwa lugha hizo ni ndugu. La kustaajabisha ni kwamba Wairaqw na Wagorowa, ambao lugha yao haina udugu huo, humwita Mungu Looaa, nalo pia ni jua. Na Wachaga, Wabantu wa Kilimanjaro, humwita Ruwa, na hilo pia ni jua. Jamii za lugha tatu, zilizokaa jirani kwa karne nyingi, zimekutana katika wazo moja. Looaa, aidha, ni nomino ya kike, na Wairaqw humfikiria kama mama. Kiswahili chetu hakina jinsi katika sarufi, hivyo tunaposema "Mungu amesikia" hatumfanyi kuwa baba wala mama. Mwalimu anayefundisha mada hii kwa Kiswahili ana bahati ambayo mwenzake anayeifundisha kwa Kiingereza hana.

Aseeta ni muumba, yuko juu na yuko mbali. Humwombwa, husifiwa, na wanawake wa Kidatoga wana nyimbo zao takatifu wanazomwimbia. Lakini mambo ya kila siku ya ukoo, kama vile ugonjwa, ugumba, ng'ombe wanaokufa au ndugu waliogombana, huwahusu zaidi waliotutangulia. Hapo ndipo tunapofika kwenye bung'ed.

Zamani, Mbarbaig wa kawaida akifa hakuzikwa kwa shughuli kubwa. Maiti nyingi ziliachwa porini. Msomaji wa leo asishtuke haraka, kwani desturi hiyo ilikuwako kwa wafugaji wengi wa Afrika Mashariki, na haikuwa dalili ya kutompenda marehemu. Kaburi lilikuwa heshima ya pekee. Alistahili mzee aliyeishi vizuri na watu, mwenye watoto na wajukuu, ambaye ukoo wake ulikuwa na uwezo na nia ya kumjengea. Mwanamke naye aliweza kujengewa. Uamuzi haukuwa wa mjane wala wa mtoto wa kwanza peke yake. Wazee wa ukoo walikaa, wakazungumza, wakakubaliana. Kama hawakukubaliana, hapakuwa na bung'ed.

Wakishakubaliana, maiti hufungwa katika ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa kwa kazi hiyo, na kuzikwa ndani ya boma. Juu ya kaburi huanza kujengwa kichuguu cha udongo na samadi, kikishikiliwa na miti. Hakijengwi kwa siku moja. Hupandishwa kwa hatua, na shughuli nzima huchukua takriban miezi tisa, muda ambao mtoto hukaa tumboni mwa mama. Kichuguu hukua hadi kumzidi mtu kimo, mara nyingine mara mbili. Katika miezi hiyo jamaa huja kutoka mbali, huchangia asali, na pombe ya asali hutengenezwa kwa wingi. Siku ya mwisho hukusanyika umati mkubwa, na mwana wa marehemu hupanda hadi kileleni kukamilisha kazi. Baadaye familia huhama boma lile. Mvua huanza kukilainisha kichuguu, mwaka baada ya mwaka, lakini mahali pale hapasahauliki. Wazao wakipita hurudi, huweka majani mabichi, ambayo kwa Wadatoga ni ishara ya amani na baraka, na huzungumza na mzee wao.

Sasa turudi kwenye pembetatu. Tunaona kwamba ngazi ya katikati haijazwi na kifo. Inajazwa na jamii. Kifo humtoa mtu kwa walio hai, lakini anayemfanya mhenga ni ukoo wake, kwa kikao, kwa asali, kwa udongo na kwa miezi tisa ya kazi. Ukoo uliovurugika hauwezi kupata wahenga wapya, kwa sababu hauwezi kukaa pamoja muda wote huo. Kwa hiyo anayemheshimu marehemu kwa njia hii anathibitisha pia kwamba wao walio hai bado ni ukoo. Mwanachuo mmoja aliwahi kuniuliza kama watu hao wanaabudu kaburi. Nilimjibu kwa swali: anayemsalimia babu yake mlangoni, je, anaabudu mlango?

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliazima maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza jambo linalofanana na hili. Marehemu anayekumbukwa kwa jina na watu waliomjua, alisema, bado yumo katika sasa. Akifa wa mwisho aliyemjua, huzama katika zamani. Hoja hiyo imepingwa na wengi, nami sioni kwamba inafaa kila mahali. Lakini inatusaidia kuona kazi ya bung'ed: kichuguu hurefusha sasa ya marehemu. Wajukuu wasiomwona kwa macho wanajua alipo.

Hapa lugha yetu inatutega kidogo. Kiswahili humweka marehemu wa namna hii katika neno mzimu, nalo huenda na ngeli ya mti: mzimu umekasirika, mizimu imekasirika. Sarufi yenyewe imemtoa katika ngeli ya watu. Tena mzimu wa pwani ni roho na pia ni mahali pa kutambikia, na katika masimulizi ya leo limekaribia kuwa jina la kitu cha kutisha watoto usiku. Mbarbaig anayesimama mbele ya kichuguu hazungumzi na "kitu" hicho. Anazungumza na baba yake, mwenye jina na watoto. Neno wahenga angalau linawarudisha katika ngeli ya watu, ingawa tumelidhoofisha kwa kulitumia tu kufungulia methali. Kwa mwanafunzi ningependekeza aandike "wahenga" au "mababu", na aliache "mizimu" kwa pale anapoeleza imani za jamii zinazolitumia zenyewe.

Hasara inayotokea maneno yanapokosa kukutana ilionekana wazi Hanang. Katika miaka ya 1970 na 1980, shirika la umma la kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Wabarbaig. Yalifikia saba, jumla yake ikikaribia ekari laki moja. Udongo ule mzuri wa ngano ulikuwa pia malisho bora ya ng'ombe, na ndani yake mlikuwa na bung'ed nyingi. Matrekta yalilima. Baadhi ya makaburi yalisawazishwa, na njia za kuyafikia mengine zikafungwa. Kwa dereva wa trekta, kichuguu cha zamani kilicholainishwa na mvua kilikuwa tuta la udongo. Hakina msalaba wala jiwe lenye maandishi.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaupindua: ilisema kijiji hakikuthibitisha kuwa kilimilikishwa ardhi ile, na kwamba wanakijiji waliodai haki ya kimila walipaswa kwanza kuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria, jambo ambalo, kwa maoni ya majaji, hawakulithibitisha. Msomaji apime mwenyewe uzito wa neno hilo, wenyeji. Sheria ilitaka ushahidi wa kinywa mbele ya hakimu, shahidi mmoja baada ya mwingine, akitaja asili yake. Kwa Mbarbaig, swali "wewe ni wa wapi?" hujibiwa kwa kuonyesha baba yake, babu yake na baba wa babu yake walikolala. Tuta lile lilikuwa kaburi, lilikuwa mahali pa sala, na lilikuwa hati ya ardhi. Lilipolimwa, yalipotea yote matatu kwa mkupuo, wala hakuna fidia ya fedha iliyoweza kulijenga upya, kwa kuwa ukoo haujengi bung'ed mara ya pili kwa mtu yuleyule.

Wapo Wabarbaig Wakristo leo, na wapo Waislamu, na wengi huzika makaburini kama sisi wengine. Hata hivyo bung'ed hazijakoma. Bado hujengwa kwa wazee wanaostahili, na mara nyingine waliobatizwa na wasiobatizwa huchangia asali ileile. Ukisafiri kutoka Babati kwenda Katesh na kuendelea hadi Basotu, ukiona kwenye uwanda kichuguu chenye majani mabichi juu yake, ilhali nyasi zote zinazokizunguka zimekauka, jua kwamba kuna mtu aliyepita hapo siku hizi kumsalimia mzee wake.