Pasipoti feki? Soma mistari ya chini, kisha chipu

Mteja anataka kukodi gari lako, anakupa pasipoti. Picha safi, mihuri ipo. Anza na ile mistari miwili yenye alama za <<< chini ya ukurasa wa picha. Katika mstari wa pili, tafuta kipande kama hiki:

```
TZA9504124M
```

TZA ni uraia, 950412 ni tarehe ya kuzaliwa (12 Aprili 1995), M ni mwanamume. Ile 4 kabla ya M ni namba ya ukaguzi, na unaweza kuikokotoa mwenyewe. Zidisha tarakimu sita za tarehe kwa 7, 3, 1, 7, 3, 1 kwa mpangilio huo, kisha jumlisha:

```
63 + 15 + 0 + 28 + 3 + 2 = 111
```

Tarakimu ya mwisho ya jibu ni 1, lakini pasipoti inasema 4. Hapo kuna mchezo. Jaribu 850412: jumla ni 104, na 4 inakubali. Huenda mtu kaigeuza 8 kuwa 9 ili ajipunguzie miaka kumi.

Ila hesabu ikikubali, usishangilie. Kanuni hii iko wazi, na tapeli makini naye anaijua.

Ndipo chipu inapoingia. Pasipoti yenye alama ya mstatili na duara katikati kwenye jalada ina chipu, na simu yenye NFC pamoja na app ya kusoma pasipoti inaweza kuifungua. Kwa kawaida ufunguo unatokana na namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha muda, zilezile za mistari ya chini. Kwa hiyo tarehe ikichezewa, chipu inagoma. Inaweza kugoma pia kwa sababu imekufa tu, hivyo hilo peke yake si ushahidi wa ufeki.

Ikifunguka, linganisha picha ya ndani na mtu aliye mbele yako. Halafu angalia kama app imethibitisha sahihi ya kidijitali, na hasa ni ya nani. Mwaka 2008 watafiti walionyesha mashine katika uwanja wa Schiphol, Amsterdam, ikipokea chipu yenye jina la Elvis Presley. Sahihi ilikuwepo, ila walijitilia wenyewe, na mashine haikuuliza kama ni ya serikali. App nzuri hulinganisha sahihi na cheti cha nchi iliyotoa pasipoti. Isiyo na cheti hicho inakusomea tu yaliyoandikwa.

Kuna mwanya mmoja: data nzima ikinakiliwa kwenye chipu nyingine, sahihi bado itakubali. Hapo tafuta kwenye app maneno `Chip Authentication` au `Active Authentication`. Kipimo hicho hutumia siri iliyofungiwa ndani ya chipu halisi, ambayo hainakiliki. Tatizo ni kwamba si pasipoti zote zinacho.