Kauli za Tathmini ya Utendaji Kazi: Kutoka Taarifa ya Siri hadi Fomu ya Wazi

Kwa miaka mingi mtumishi wa umma nchini Tanzania alipimwa kwa taarifa ya siri, iliyojazwa na mkuu wake na ambayo kwa kawaida yeye mwenyewe hakuiona. Mwaka 2004 ulianzishwa Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi. Kifupi chake cha Kiswahili, MWAMTUKA, hakikuvuma kama kile cha Kiingereza, OPRAS. Katika mfumo huo mtumishi na msimamizi walikaa pamoja, kila mmoja akatoa alama yake kuanzia 1, iliyo ya juu kabisa, hadi 5, kisha wakatafuta alama ya kuafikiana.

Uwazi huo uliibua tatizo la lugha ambalo siri ilikuwa imelifunika: anayetajwa sasa anaisoma kauli, na anaisoma mbele ya aliyeiandika.

Chukuliwe mfano wa mhasibu ambaye msimamizi wake ameandika kwa Kiingereza kwamba lengo la kufunga hesabu za mwezi kwa wakati bado halijafikiwa. Mfasiri mwenye haraka huandika “ameshindwa kufikia lengo”. Kauli hiyo ni kali kupita kusudio, kwa kuwa kushindwa humgusa mtu na uwezo wake, ilhali asili ilitaja lengo tu. Mwingine, kwa kuogopa ukali, huandika “anajitahidi kufikia lengo”. Hapo habari yenyewe imetoweka. Tena neno hilo, kwa aliyezoea ripoti za shule, hunong’ona kuwa mwanafunzi ni wa mkiani. Sarufi ya Kiswahili ina njia iliyo sahihi zaidi. Kiambishi -ja- katika ukanushi, “hajafikia lengo”, husema jambo halijatokea na kuacha mlango wazi. Katika mapitio ya nusu mwaka, mwezi Desemba, hiyo ndiyo kauli sawa. Lakini Juni, mwaka wa fedha unapofungwa, lengo la mwaka huo limekwisha muda. Kuendelea kusema “hajafikia” ni kulainisha, na “hakufikia” ndiyo kauli ya haki.

Sifa nazo zina mitego. Neno la Kiingereza ambalo kamusi hulifasiri “ya kuridhisha” mara nyingi, katika fomu za aina hii, humaanisha kazi ya kupita tu, wakati Mswahili aliyeridhishwa hana analodai. “Inatosheleza” hukaribia zaidi. Vivyo hivyo “upungufu” huweza kukaa katika kazi; “udhaifu” huelekea kukaa katika mtu.

Kipimo cha mfasiri ni rahisi. Msomaji asiyeiona asili apewe kauli ya Kiswahili peke yake, aulizwe ingestahili alama gani. Akitaja 4 ilhali msimamizi alitoa 3, tafsiri imeongeza ukali. Akitaja 2, imeupunguza. Kinachofuata ni kukitafuta kitenzi kilichoiyumbisha, kwa kuwa kosa aghalabu huwa hapo.